Kwenye pakiti gramu 52, kwenye sahani gramu ngapi?

*"Dokta, mimi ni mama hapa Bukavu, Kadutu. Tuko watu watano: bwana, mimi, kijana wa miaka 10, binti wa miaka 3, na mutoto wa miezi 4 ninayemunyonyesha. Nyama imetushinda bei. Rafiki alinionyesha orodha kwa simu: nyama ya soya protini 52, kuku 31, ngombe 26, kalanga 26, maziwa 3. Nikaona soya inashinda kuku, na maziwa ni maji tu. Sasa ni mwezi wa pili nimekata maziwa na sambaza. Kila siku napika pakiti moja ya soya ya gramu 100, na lengalenga, na bugali ya muhogo. Asubuhi chai na mukate. Inatosha? Nitie na soya kwenye uji wa huyu mudogo? Naogopa watoto wasipate bwaki."*

Mama, nianze na jambo la haraka: huyo mdogo wa miezi 4 usimpe uji wowote, wa soya wala wa kitu kingine. Ziwa lako linamtosha mpaka atimize miezi 6. Nitarudi kwake baadaye, lakini hilo lisingoje.

Namba ulizoonyeshwa ni za kweli zote. Kosa ni kuziweka pamoja kana kwamba zimepimwa katika hali moja. 52 ya soya imepimwa ikiwa kavu, kama ilivyo ndani ya pakiti. 31 ya kuku ni ya kidari kilichokwisha kupikwa, bila ngozi, bila mfupa. 26 ya ng'ombe ni ya nyama nono kidogo iliyopikwa. 26 ya kalanga ni ya kalanga kavu zilizobanguliwa. Na 3 ya maziwa ni ya maziwa mabichi, yenye maji yake yote. Kinachotofautisha namba hizo, zaidi ya protini yenyewe, ni maji.

Soya ya pakiti ni unga wa soya uliokamuliwa mafuta, ukapitishwa kwenye mashine yenye joto na mgandamizo, ukakaushwa. Karibu hakuna maji ndani, ndiyo maana nusu nzima ya uzito wake ni protini. Lakini hakuna anayeila ikiwa kavu. Ukiiloweka na kuipika, gramu 100 zinakunywa maji mpaka zinakaribia gramu 300. Protini haijaongezeka, ni zile zile gramu 50 na kidogo, ila sasa zimetawanyika ndani ya chakula kizito mara tatu. Kwa hiyo gramu 100 za soya iliyo tayari kwenye sahani zina protini kama gramu 16 au 17. Kidari cha kuku cha uzito ule ule, nacho kimepikwa, kina 31. Kijiko kwa kijiko, kuku anaizidi soya karibu mara mbili.

Nyama inafuata njia ya kinyume. Kuku mbichi, kidari, ana gramu 22 hivi kwa kila gramu 100. Motoni maji yanatoka, kipande kinasinyaa, na kinachobaki kinakuwa na protini iliyosongamana zaidi. Ng'ombe vilevile: mbichi isiyo na mafuta mengi ina kama gramu 20, ikipikwa inafika 26 mpaka 28, kwa sababu imepoteza robo ya uzito wake, wakati mwingine zaidi. Hakuna protini iliyozaliwa sufuriani. Ndiyo maana nasema kila mara: usilinganishe kibichi na kilichopikwa, wala kikavu na kilicholowa.

Maziwa nayo yameonewa katika orodha hiyo. Sehemu 87 katika 100 za maziwa ya ng'ombe ni maji, lakini hakuna mtu anayekunywa gramu 100 akaridhika. Kikombe cha mililita 250 kina protini gramu 8. Chukua lita moja ya maziwa, ondoa maji yote, utabaki na unga wa gramu 130 hivi, na ndani yake gramu 32 au 33 za protini. Ndiyo sababu kopo la maziwa ya unga limeandikwa 25 au 26 na maziwa ya chupa yameandikwa 3. Ni kitu kimoja. Ila hapo angalia vizuri: dukani kuna unga mweupe wa kutia kwenye kahawa unaofanana na maziwa ya unga na unauzwa kwa bei ndogo. Ukisoma kopo ukakuta protini iko chini ya 5 kwa gramu 100, hayo si maziwa, ni mafuta na sukari. Na yale mazito matamu ya kopo yana protini 8 tu, na zaidi ya nusu ya uzito wake ni sukari.

Basi orodha ya kukufaa wewe isiwe ya gramu 100. Wewe hununui protini kutoka maabara, unanunua sokoni, na kuku anakuja na mifupa yake. Hii hapa ni protini unayobaki nayo kwa kila kilo moja uliyolipia, kama ilivyo kwenye mzani wa muuzaji:

- Sambaza kavu: gramu 550 mpaka 600
- Nyama ya soya kavu: gramu 500
- Kalanga zilizobanguliwa: gramu 250
- Maharagi makavu: gramu 220
- Ng'ombe bila mfupa: gramu 200, yenye mifupa: kama 150
- Kuku mzima aliyenyonyolewa na kutolewa matumbo: kama 120
- Maziwa, lita moja: gramu 32
- Yai hatupimi kwa kilo: moja lina gramu 6

Chukua bei ya siku hiyo, gawanya kwa namba ya upande wa kulia, utajua gramu moja ya protini umeilipia franka ngapi. Fanya hivyo kwa kila kitu ulichozoea kununua. Bei zinabadilika kila wiki kwetu, kwa hiyo sikupi majibu, nakupa njia. Lakini nina hakika kuku atakuwa karibu na mwisho na maharagi yatakuwa karibu na mwanzo. Kwa upande huo ulikuwa na akili nzuri: soya si kosa. Kosa ni kiasi, na yale uliyoyaondoa ili kuipisha.

Tuone sasa kama inatosha. Sikujua uzito wenu, nitakadiria, nawe utarekebisha. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani pamoja na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, walitoa kipimo ambacho bado tunakitumia: mtu mzima mwenye afya anahitaji protini gramu 0.83 kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku. Bwana wako akiwa na kilo 65, anahitaji gramu 54. Wewe ukiwa na kilo 58, ungehitaji 48, lakini unanyonyesha, na katika miezi 6 ya kwanza mwenye kunyonyesha anaongezewa gramu 19. Kwa hiyo unahitaji 67. Kijana wa miaka 10, tuseme kilo 28, anahitaji gramu 26. Binti wa miaka 3 mwenye kilo 13 anahitaji 12. Jumla ya walaji wanne ni karibu gramu 160 kwa siku.

Angalia jambo moja hapo: mwenye hitaji kubwa katika nyumba yako si baba, ni wewe. Sisemi hivyo ili nilete maneno kati yenu. Nasema kwa kuwa nimeona meza nyingi ambapo mama anajipakulia mwisho, baada ya vipande kwisha, huku yeye ndiye anayetengeneza chakula cha mtu wa tano.

Sasa sufuria yako ya siku moja. Mikate minne midogo ya asubuhi, gramu 200 kwa jumla, inaleta protini 17. Bugali, nikikadiria kilo moja ya unga wa muhogo kwa nyumba nzima, inaleta 15 tu, maana muhogo una nguvu nyingi lakini protini yake haifiki gramu 2 katika 100. Fungu la lengalenga la gramu 400 linaleta kama 10. Soya yako inaleta 50. Ukijumlisha unapata 92. Mnahitaji 160. Kila siku mnapungukiwa na gramu 68, zaidi ya theluthi moja.

Kama uliamini kila mtu anakula "52", naelewa kwa nini ulilala ukiwa umetulia. Lakini gramu 50 zile ni za pakiti nzima, na ni watu wanne. Kila mmoja akipata sawa ni 12 na nusu, na najua hawapati sawa. Binti wa miaka 3 anapewa vipande vinne, anakula viwili, anaacha.

Kabla ya kukwambia la kufanya, kuna jambo la ndani zaidi ambalo orodha za simu hazionyeshi. Protini si kitu kimoja. Ni mnyororo wa vipande vidogo vinavyoitwa asidi amino, na tisa kati ya hivyo mwili hauwezi kuvitengeneza, lazima vije na chakula. Kimoja kikipungua, mwili unashindwa kujenga hata kama vingine vimejaa. Hivyo vilivyobaki unaviunguza kama nguvu na taka yake unaitoa kwa mkojo.

Katika vyakula vyetu kipande kinachokosekana mara nyingi ni laisini. Mahindi yana laisini kidogo, ngano vilevile, na kalanga pia, ingawa watu wengi hawajui. Mama anayepika bugali ya mahindi na mboga ya kalanga anafikiri ameunganisha vyakula viwili vinavyosaidiana. Ameongeza protini, ndiyo, na mafuta mazuri, lakini vyote viwili vina upungufu ule ule. Maharagi ni tofauti. Yana laisini kwa wingi, na upungufu wake ni mwingine, methionini, ambayo mahindi yanayo ya kutosha. Ndiyo maana maharagi na bugali ya mahindi, au maharagi na wali, hujazana vizuri. Si lazima viwe katika tonge moja. Vikiliwa siku moja vinakutana. Sambaza, mayai, maziwa na nyama vina vyote tisa kwa kiasi kizuri, na kiasi kidogo tu cha hivyo huinua chungu kizima cha mboga na nafaka.

Soya iko wapi? Katika mimea ndiyo iliyo karibu zaidi na maziwa na yai. Laisini inayo. Kwa hiyo nikisema uongeze vitu vingine sikuambii kwamba soya ni protini ya uongo. Na ile ya pakiti imekwisha kupikwa kiwandani, kwa hiyo haina shida ya soya mbichi, ambayo ina vitu vinavyozuia tumbo kuvunja protini. Ukinunua punje za soya na kusaga mwenyewe, zikaange vizuri au uzichemshe kabla, na uji wake uchemke kweli, usipashwe moto tu.

Haya, tutengeneze sufuria. Nitaanza na badiliko lisilogharimu sana. Changanya unga: nusu muhogo, nusu mahindi. Watu wengi hapa Bukavu wanakula hivyo tayari, na watoto hawatalalamika. Gramu 500 za unga wa mahindi zinaleta protini 40, muhogo uliobaki unaleta 7. Bugali yako imetoka 15 ikafika 47, na hujanunua mboga mpya. Sasa mko kwenye 124.

Badiliko la pili ni maharagi, gramu 300 makavu kwa siku. Yanaleta 66, na jumla inafika 190. Usione 190 ukasema imezidi 160. Protini ya nyama na maziwa mwili unaichukua karibu yote, kama sehemu 95 katika 100, ila ya maharagi ni kama 80. Hiyo nafasi ya juu ndiyo inayofidia. Ukichoka na maharagi kila siku, siku moja pika maharagi pamoja na soya yako, na siku inayofuata pika pakiti mbili za soya bila maharagi. Siku hiyo ya pili hesabu itakuwa 174, bado juu ya 160. Loweka maharagi usiku, mwaga maji, pika kwa maji mapya. Makaa yatapungua na tumbo la binti litatulia.

La tatu ni kurudisha sambaza, na hapo sababu yangu kubwa si protini. Gramu 50 za sambaza kavu kwa nyumba nzima, yaani viganja viwili vitatu, zinaleta protini 30. Nzuri. Lakini umekaa miezi miwili bila nyama, bila maziwa, bila samaki, na hukutaja mayai. Vitamini B12 haipo katika soya, wala maharagi, wala kalanga, wala lengalenga. Inatoka kwa wanyama tu. Mtu mzima ana akiba ini yake, anaweza kukaa muda mrefu bila kuona kitu. Mtoto anayenyonya hana akiba kubwa, anategemea inayopita kwenye maziwa yako. Sambaza ukiila nzima, na kichwa na mifupa, unapata B12, kalisiamu na madini ya chuma kwa pamoja. Hata mara tatu kwa wiki ni tofauti kubwa. Ziwa letu la Kivu lilipata samaki huyu mwishoni mwa miaka ya 1950 alipoletwa kutoka Ziwa Tanganyika, na sioni chakula kingine cha mnyama ambacho mama wa Kadutu anaweza kukigawanya kwa viganja namna hiyo.

Ukinunua, vunja mmoja. Sambaza aliyekauka vizuri anakatika kwa sauti. Akipinda bila kukatika, bado ana maji, nawe unalipia maji kwa bei ya samaki, tena ataota ukungu nyumbani kwako. Akiacha mchanga kiganjani, punguza kilo au badili muuzaji.

Maziwa sasa. Huwezi kununua ya watu wote, sawa. Nunua ya binti. Kikombe cha mililita 200 kwa siku kina protini 6 na nusu, na yeye anahitaji 12. Ni nusu ya siku yake katika kikombe kimoja, na tumbo lake dogo halihitaji kutafuna mlima wa bugali ili afike. Ya mtaani yachemshe kila mara. Na yakionekana mepesi, yenye rangi ya samawati kidogo ukiyamimina ukutani mwa glasi, huenda yametiwa maji, na hapo hata hesabu yangu inakufa, kwa sababu maziwa yaliyochanganywa nusu kwa nusu yana protini nusu.

Kalanga nimeziacha mwisho kwa kuwa watu wanazitumainia kupita kiasi. 26 ni namba kubwa, lakini kiganja kimoja ni gramu 30, sawa na protini 7 au 8. Nusu ya uzito wake ni mafuta. Kwa nyumba yenu hiyo ni sifa, si ila: mtoto asiyepata nguvu ya kutosha anaunguza protini badala ya kukua nayo, kwa hiyo kijiko cha kalanga iliyotwangwa au cha mawese kwenye lengalenga kinailinda ile protini ya maharagi. Kwa binti wa miaka 3 twanga kila mara, kalanga nzima inaweza kumkaba. Zenye ukungu, zilizosinyaa au zenye uchungu tupa, usizikaange ukafikiri moto umeziponya. Sumu ya ukungu ule inaharibu ini, na moto wa jikoni hauimalizi.

Namna ya kupima bila mzani: nenda kwa muuzaji mwenye mzani ukiwa na kikombe chako cha nyumbani, mwombe akupimie kikombe kimoja cha maharagi, kimoja cha unga, kimoja cha sambaza. Andika namba tatu hizo ukutani karibu na jiko. Kopo la sokoni ni la muuzaji na lina tumbo lake. Kikombe chako hakibadiliki.

Nirudi kwa mdogo. Maziwa yako yana protini kidogo kuliko ya ng'ombe, kama gramu 1 kwa mililita 100, na hicho ndicho kiasi kinachofaa figo na tumbo lake. Ukila vibaya, protini ya ziwa lako haishuki sana. Mwili wako unachukua kutoka kwenye misuli yako mwenyewe. Wewe ndiye unayelipa. Kwa hiyo njia ya kumlisha yeye ni kukulisha wewe: katika sufuria mpya, sehemu yako ya maharagi na sambaza iwe kama ya bwana au izidi. Akitimiza miezi 6, hapo uji unaingia, wa mahindi na unga wa soya iliyokaangwa au sambaza iliyosagwa, huku ukiendelea kunyonyesha.

Na bwaki? Watu wengi wanasema bwaki ni ukosefu wa protini tu, basi mtoto akivimba wanamjaza maziwa na mayai. Ugonjwa huo una sababu nyingi zinazokutana: chakula kidogo kwa ujumla, surua, kuhara kusikokwisha, malaria, minyoo. Na kumjazia protini mtoto aliyekwisha kuvimba ni hatari. Ini na figo zake haziwezi kuibeba. Hospitalini, maziwa maalumu ya siku za kwanza yana protini chini ya gramu 1 kwa mililita 100, kidogo kuliko theluthi ya maziwa ya ng'ombe, na hilo limefanywa kwa makusudi. Baadaye ndipo wanapanda. Hesabu hizi zote nilizokupa ni za mtoto mzima anayecheza, si za mtoto aliyevimba.

Mtazame binti leo jioni. Bonyeza juu ya nyayo zote mbili kwa vidole gumba, hesabu polepole mpaka tatu, achia. Shimo likibaki miguu yote miwili, usingoje kesho, mpeleke kituo cha afya. Vilevile kama nywele zimekuwa nyepesi na za rangi nyekundu, ngozi inachubuka, amekuwa na huzuni asiyetaka kucheza, au amekataa chakula kabisa. Hata asipoonyesha kitu, miezi miwili ya chakula kile ni sababu ya kutosha kumpeleka apimwe mkono kwa ule utepe wa rangi. Chini ya milimita 115 ni hatari na ana haki ya matibabu. Kati ya 115 na 125 wamwandikishe wamfuatilie. Nenda na mdogo pia apimwe uzito. Akiwa amelegea, hakazi shingo vizuri, au uzito umesimama, mwambie muuguzi wazi kwamba umekaa miezi miwili bila kula chochote cha mnyama, kwa sababu hawatakuuliza.

Wewe mwenyewe, ukisikia ganzi miguuni, kizunguzungu ukisimama, au pumzi inakatika kwenye mlima wa Kadutu kuliko zamani, uliza wakupime damu siku hiyo hiyo. Na kama bwana wako ana ugonjwa wa figo au amewahi kuambiwa na mganga apunguze protini, sehemu yake katika hesabu yangu usiifuate. Aende kwanza kwa aliyemwandikia, na karatasi zake mkononi.